Nusu Jumlisha Theluthi: Kipindi Kimoja cha Hisabati Darasa la Tano

Mwalimu yeyote wa Hisabati wa Darasa la Tano anaifahamu 2/5. Unaandika ubaoni 1/2 + 1/3, unamwita mtoto mbele, naye anashika chaki bila wasiwasi wowote: moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Anaandika 2/5 na kurudi kukaa. Ukiwauliza wenzake kama amepata, sauti za "ndiyo, mwalimu" ni nyingi kuliko za "hapana".

Dawa iliyozoeleka ni kufuta jibu na kufundisha kanuni: tafuta KDS ya asili zote mbili, gawanya kwa asili, zidisha kwa kiasi, jumlisha. Darasa linafanya maswali kumi, linapata manane, mwalimu anaandika kwenye andalio kwamba somo limeeleweka. Baada ya majuma mawili 2/5 imerudi. Imerudi kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mtoto kwamba jibu lake la kwanza haliwezekani. Alipewa tu kanuni ya pili, ndefu kuliko ile ya kwanza, na akili ikishachoka huchagua fupi. Tangu Darasa la Kwanza mtoto huyu amejumlisha namba nzima. Akiona 1/2 + 1/3 anaona namba nzima nne zilizopangwa juu na chini ya vistari, basi anazijumlisha kama alivyozoea.

Andalio la somo ninaloeleza hapa limejengwa kulizunguka kosa hilo moja. Ni la vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, kwa darasa la wanafunzi 60, idadi ambayo katika shule nyingi za Serikali Tanzania haimshangazi mtu. Mgawanyo wa muda ni huu: utangulizi dakika 10, maarifa mapya 35, kuimarisha maarifa 20, upimaji 10, hitimisho 5. Kabla ya hapo wanafunzi wawe wameshajua kujumlisha sehemu zenye asili moja, kama 1/5 + 2/5, na wawe wamewahi kuona kwamba 1/2 na 2/4 ni kiasi kilekile cha kitu. Asiyejua hayo atapotea mapema, kwa hiyo ni bora kuyapima siku moja kabla kwa maswali mawili tu.

Sehemu ya andalio inayoandikwa kwa haraka kuliko zote ni lengo. "Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu" ni sentensi isiyopimika, maana kuelewa hakuonekani kwa macho. Lengo la kipindi hiki lina mambo mawili yanayoonekana: mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili tofauti, na aeleze kwa maneno yake kwa nini asili hazijumlishwi. Jambo la pili ndilo litakaloamua zana gani zitumike na maswali gani yaulizwe mwishoni.

Kuhusu zana, tuanze na zile zisizofaa. Chungwa ni zana pendwa ya somo la sehemu, na kwa kufundisha nusu na robo linatosha. Kwa kujumlisha, linaharibu. Machungwa mawili hayalingani ukubwa, kwa hiyo nusu ya moja na theluthi ya jingine haziwezi kuunganishwa zikapewa jina moja. Duara la ubaoni nalo lina shida yake: kuligawa mara mbili au nne ni rahisi, lakini theluthi tatu zilizo sawa za duara zinahitaji bikari na kipimapembe, na zinazochorwa kwa mkono huwa hazilingani. Mtoto anaambiwa vipande hivi ni sawa huku macho yake yanaona si sawa.

Kinachofaa ni ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 24. Namba hiyo imechaguliwa makusudi. Nusu yake ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo ni 6, moja ya sita ni 4, moja ya nane ni 3, moja ya kumi na mbili ni 2. Kila kipande kinaangukia kwenye sentimita kamili, kwa hiyo rula ya kawaida ya mwanafunzi inatosha na hakuna haja ya kukunja karatasi mara tatu, kazi ambayo hata watu wazima inawashinda. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Ukiipunguza urefu ibaki 24, kisha ukaikata kwa upana wa sentimita tatu tatu, unapata kanda saba. Ukanda wa kwanza unabaki mzima. Sita zinazobaki zinagawanywa vipande 2, 3, 4, 6, 8 na 12, na kila kipande kinaandikwa jina lake: 1/2, 1/3, 1/4, 1/6, 1/8, 1/12. Karatasi moja inatosha kundi moja la wanafunzi wanne, na darasa zima la 60 linahitaji karatasi 15. Kama karatasi mpya ni shida, kalenda za mwaka jana na maboksi ya maduka yanafaa, tena boksi halipeperuki dirisha likiwa wazi.

Tahadhari moja. Ukikosea milimita moja kwenye kila kipande cha 1/12, vipande kumi na viwili vikipangwa pamoja vinazidi au vinapungua sentimita nzima na zaidi, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kipande kimoja. Basi ukanda wa kumi na mbili usikatwe. Uchorwe mistari tu. Hizo nyingine mwalimu azikate mwenyewe jioni kwa wembe na rula, au awape wanafunzi wawili watatu wenye mkono mtulivu. Kazi ya kukata ikifanyika ndani ya kipindi, dakika 30 zitakwisha kwenye mikasi.

Utangulizi unaanzia dukani. Mwalimu anauliza: umetumwa sukari nusu kilo, ukiwa njiani ukakumbushwa uongeze robo. Utarudi na sukari kiasi gani? Watoto wanaotumwa dukani kila jioni wanajibu pamoja: robo tatu. Mwalimu anaandika ubaoni 1/2 + 1/4 = 3/4. Kisha, bila kusema lolote kuhusu makosa, anauliza: na tukijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, tunapata ngapi? Wanasema 2/6. Hapo anawaomba makundi wachukue ukanda wa sita, watoe vipande viwili, waviweke chini ya kipande cha nusu.

Vipande viwili vya 1/6 vina urefu wa sentimita 8. Nusu ina 12. Darasa linaona kwamba mtu alianza na nusu kilo, akaongezewa sukari, akaishia na pungufu ya alichokuwa nacho. Kicheko kinachofuata ndicho mwalimu alichokuwa anakitafuta katika dakika hizi 10. Asikimbilie kueleza. Aache 2/6 ibaki ubaoni kwenye kona yake, pembeni ya 3/4, mpaka mwisho wa kipindi.

Sasa maarifa mapya. Swali la 1/2 + 1/3 linaandikwa, na makundi yanaagizwa kulaza ukanda mzima mezani, chini yake kipande cha nusu na cha theluthi vikifuatana bila nafasi katikati. Jumla ina urefu wa sentimita 20, lakini urefu huo usitajwe; tunatafuta jina lake la sehemu. Kazi ni hii: tafuteni vipande vya aina moja tu vinavyojaza urefu huo bila kupungua wala kuzidi.

Hapa mwalimu anyamaze. Hatua hii ndiyo moyo wa kipindi na inahitaji dakika 12 hadi 15. Makundi mengi huanza na theluthi, kwa sababu ipo tayari mezani: mbili zinapungua, tatu zinazidi. Wanajaribu robo: tatu zinafika sentimita 18, nne zinazidi. Wanajaribu moja ya nane: sita hazifiki, saba zinapitiliza kwa sentimita moja, na kundi lenye haraka litasema "imetosha". Mwalimu anayepita kati ya madawati aangalie hasa hapo. Asiseme wamekosa. Awaombe wapitishe kidole mwishoni mwa vipande, na kidole kitahisi ngazi.

Kisha kundi moja linajaribu sita. Vipande vitano vinakaa sawasawa: 5/6. Kundi jingine limefika kwa njia ya ukanda wa kumi na mbili na linadai 10/12. Yote mawili ni sahihi, na mwalimu asilikatae la pili kwa sababu tu halifanani na la kitabuni. Aweke yote mawili ubaoni na kuuliza lipi limetumia vipande vichache. Jibu la swali hilo ndilo litakalobatizwa KDS baadaye: 6 ni kigawe kidogo kuliko vyote ambavyo 2 na 3 vinashirikiana, na 12 ni kinachofuata.

Mfano wa pili uwe 2/3 + 1/4. Urefu ni sentimita 22, na kati ya kanda zote ni ule wa kumi na mbili pekee unaoufikia, mistari 11. Mfano huu unahitajika kwa sababu wa kwanza unaweza kuwadanganya watoto kwamba sita ni jibu la kila swali. Wa tatu, 3/4 + 1/2, unapitiliza ukanda mzima, na ni lazima waone hilo likitokea. Wanahitaji robo tano kujaza urefu huo wakati kundi lina robo nne tu, na tatu kati ya hizo zimeshatumika kwenye swali. Wataazima kwa jirani. Kelele itakayotokea ivumiliwe: mtoto aliyeazima robo kwa kundi la pili hatasahau kwamba 5/4 ni kizima kimoja na robo.

Wakati huo kuna mtoto mmoja, mara nyingi mwerevu, atakayenyoosha mkono na kusema jambo linaloweza kumkwamisha mwalimu asiyejiandaa. "Mwalimu, kwenye mechi ya kwanza timu yetu ilipiga penalti mbili ikafunga moja. Ya pili ikapiga tatu ikafunga moja. Si imefunga mbili kati ya tano?"

Imefunga mbili kati ya tano, ndiyo. Hata alama za mtihani hujumlishwa hivyohivyo, na mtoto ameziona zikijumlishwa hivyo tangu alipoanza shule. Kumwambia amekosa ni kumfukuza kwenye jambo alilolifikiri vizuri. Kumjibu kunahitaji swali moja: kizima ni kipi? Kwenye penalti, kizima cha kwanza kilikuwa mipira miwili, cha pili mitatu, na mwisho tumekibadilisha kikawa mitano. Kwenye kanda, nusu ni ya ukanda huu, theluthi ni ya ukanda huuhuu, na jumla tunaitaka kwa ukanda huuhuu. Kizima hakijabadilika. Tukijumlisha asili tumekibadilisha kimyakimya. Mwalimu aandike swali la mtoto huyo kwenye andalio kabla hajaingia darasani, chini ya shughuli za mwalimu, kwa sababu kama halikuulizwa ni yeye anayepaswa kuliuliza.

Kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye daftari kuna ufa, na watoto wengi hutumbukia humo. Mezani wanapata 5/6, wakifungua daftari wanaandika 2/5, kama vile ni masomo mawili tofauti. Hii ndiyo kazi ya dakika 20 za kuimarisha maarifa. Kila kundi linarudi kwenye 1/2 + 1/3, lakini safari hii linaondoa kipande cha nusu na kuweka badala yake vipande vya 1/6 vinavyolingana nacho. Vitatu. Mwanafunzi anaandika hapohapo 1/2 = 3/6. Anaondoa theluthi, anaweka viwili, anaandika 1/3 = 2/6. Sasa mezani vimebaki vya 1/6 peke yake, na daftarini pana 3/6 + 2/6, swali analolijua tangu zamani. Kila mstari wa maandishi umetokana na tendo la mkono. Kanuni ya "gawanya kwa asili, zidisha kwa kiasi" itajwe baada ya hapo, kama njia ya mkato ya jambo walilokwisha kulifanya.

Maswali ya kuimarisha yasizidi manne: 1/2 + 1/6, 1/3 + 1/4, 3/4 + 1/6, na moja la maneno. Kwa wanaomaliza mapema kuna swali ambalo Pwani na Visiwani halitakuwa geni. Katika mirathi ya Kiislamu, mwanamume akifariki na kuacha mke, mama, baba na watoto wa kiume na wa kike, mke hupata thumni, yaani 1/8, na mama na baba kila mmoja sudusi, 1/6. Je, watoto wamebakiwa na sehemu gani ya mali? Ukanda wa sentimita 24 unaonekana kama ulitengenezwa kwa ajili ya swali hili: 3 za mke, 4 za mama, 4 za baba, jumla 11, zimebaki 13. Watoto wanagawana 13/24. Hakuna ukanda wa moja ya ishirini na nne katika zile saba, kwa hiyo mwanafunzi analazimika kuzihesabu sentimita mwenyewe kwa rula, na hapo anajitengenezea asili yake. Wataalamu wa mirathi pia huanza hesabu hii kwa 24. Kwa darasa lenye watoto wa dini mbalimbali, mwalimu aeleze kwanza mafungu hayo ni yapi, kisha wote wafanye hesabu ileile.

Upimaji ni maswali matatu kwenye kipande cha karatasi, kila mtu peke yake, kanda zikiwa zimekusanywa. La kwanza: 1/3 + 1/5. Swali hilo limechaguliwa kwa sababu asili ya 5 haimo kwenye kanda, hivyo anayekumbuka picha tu hataponea hapo. La pili: 2/3 + 3/4. La tatu halina hesabu: "Mwenzako ameandika 1/2 + 2/5 = 3/7. Bila kutafuta jibu sahihi, eleza unajuaje amekosa." Anayeandika kwamba 3/7 ni ndogo kuliko nusu, ilhali mwenzake alianza na nusu akaongeza, amelifikia lengo la pili la kipindi. Anayeandika "amekosa kwa sababu hakutafuta KDS" anaijua kanuni, lakini bado haoni ukubwa wa sehemu.

Makaratasi 60 hayahitaji kusahihishwa kwa alama. Yapangwe mafungu kwa jibu la swali la kwanza, kazi isiyozidi robo saa. Fungu la 8/15 limepata. Fungu la 2/8 bado linajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ufa wa karatasi na daftari haujazibwa, na hawa warudi kwenye kanda. Fungu la tatu ndilo ambalo alama za vema na kosa hulificha: 2/15. Hawa wametafuta KDS vizuri wakapata 15, lakini wameacha viasi vya juu kama vilivyokuwa. Wamebadilisha jina la kipande bila kuhesabu upya vipande. Kuwarudisha kwenye somo zima ni kuwachosha. Wanachohitaji ni lile tendo moja la kuondoa kipande kimoja na kuweka vingi vinavyolingana nacho, kisha kuvihesabu. Huenda pakawa na fungu la nne, 16/30, nao wamepata. Wanangoja somo la kurahisisha sehemu.

Dakika tano za hitimisho zinatumika kurudi kwenye kona ya ubao iliyobaki na 2/6. Mwalimu anampa mtoto mmoja chaki, si yule wa kwanza, na kumwomba alieleze darasa kwa nini sukari ile ilipungua.

Kwenye nafasi ya tathmini, andalio lisiandikwe "somo limeeleweka kwa asilimia 80". Iandikwe idadi ya karatasi katika kila fungu na majina ya wanafunzi wa mafungu mawili yaliyokosa. Kesho yake, dakika 15 za mwanzo, fungu la 2/8 linakaa mbele na kanda zao pamoja na mwalimu, fungu la 2/15 linafanya kazi ya kubadilishana vipande wawili wawili, na waliopata wanaanza 3/4 - 1/3, wakiulizwa kwanza kama jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nusu.